Shule siku tatu, tafsiri siku mbili, darasa Jumamosi: jinsi ya kuzifunga kazi tatu za Kiswahili kuwa njia moja

Mwalimu wa Kiswahili nchini Uganda leo hana shida ya kukosa kazi ndogondogo. Tangu mtaala mpya wa sekondari ya chini uanze mwaka 2020, Kiswahili ni somo la lazima S1 na S2, na shule nyingi binafsi humtafuta mtu wa kufundisha vipindi vichache tu. Katiba ilikitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaagiza kifundishwe kwa lazima msingi na sekondari. Juu ya hayo kuna tafsiri, ukalimani na masomo ya watu wazima. Shida inakuja pale kazi hizo zinapovutana: shule inataka Jumatatu hadi Ijumaa, mteja wa tafsiri anataka kesho asubuhi, na mwanafunzi wa jioni ameahirisha mara ya tatu. Ukimaliza miaka mitano hivyo, unakuwa na uzoefu wa mwaka mmoja uliorudiwa mara tano.

Mwongozo huu unachukua mfano mmoja na kuufuata mpaka kwenye kodi. Mfano wenyewe ni mwalimu anayeishi Mbarara. Bei zote za kazi zilizomo ni za kupigia hesabu, kwa hiyo weka za kwako.

Hatua ya kwanza: chagua uwanja kabla ya kuchagua kazi

"Kiswahili" peke yake hakitoshi kuwa uwanja. Angalia kilicho karibu nawe. Kutoka Mbarara, wilaya ya Isingiro iko jirani, na ndani yake zimo kambi za wakimbizi za Nakivale, iliyopo tangu 1958, na Oruchinga. Wakongomani wengi wa huko huongea Kiswahili, ilhali wauguzi na maafisa wengi wanaowahudumia wamekulia kwenye Runyankore na Kiingereza. Hapo kuna uwanja: Kiswahili cha afya. Shuleni utafundisha lugha, mezani utatafsiri vipeperushi na fomu za afya, na Jumamosi utawafundisha wauguzi wenyewe. Kazi zote tatu zinakula chungu kimoja.

Kipimo cha uwanja ni hiki: je, ukijifunza jambo katika kazi moja, unalitumia katika nyingine ndani ya mwezi huohuo? Chukua neno *mate*. Mnyankore anajua *amate* ni maziwa, kwa hiyo muuguzi anayeanza Kiswahili husikia "mate" na akili inamwendea kwenye kikombe cha maziwa. Na hata akishajua kwamba mate ni ya mdomoni, bado yuko hatarini, kwa sababu kipimo cha kifua kikuu kinahitaji makohozi, yanayotoka kifuani kwa kukohoa, na mgonjwa aliyeambiwa "tema mate kwenye kikopo" atarudisha sampuli isiyofaa. Jambo hilo moja ni mstari katika faharasa yako ya tafsiri, ni somo zima la Jumamosi, na S2 ni zoezi zuri la maneno yanayofanana na lugha ya nyumbani.

Jambo jingine utalikuta kwenye tafsiri. Mkongomani wa mashariki humwita daktari *munganga*. Msomaji wa Kenya au wa Uganda akiona *mganga* hufikiria mtu wa mizizi na hirizi. Kipeperushi kilichoandikwa kwa Kiswahili sanifu kisichojua hilo kitakuwa sahihi kwenye karatasi, na msomaji aliyekusudiwa hatakielewa vizuri. Anayejua tofauti hii hashindani tena kwa bei na kila aliyesoma Kiswahili chuoni. Ndiyo maana uwanja unatangulia.

Hatua ya pili: shule iwe nguzo, lakini kwa siku zilizofungwa

Anza na shule, kwa sababu ndiyo inayoleta fedha inayojulikana tarehe zake. Hakikisha kwanza umesajiliwa kama mwalimu katika Wizara ya Elimu na Michezo. Sheria hairuhusu mtu kufundisha bila usajili au leseni, na shule ikikubali kulifumbia macho leo, italikumbuka siku unapodai haki yako.

Kinachoua mpango huu wote ni ratiba, kuliko hata mshahara. Vipindi 18 vya dakika 40 ni saa 12 tu za kufundisha. Ukivipata vimetawanywa siku tano, kila siku unavaa, unapanda boda, unasubiri kati ya kipindi cha pili na cha saba, na unarudi nyumbani saa kumi umechoka kama aliyefundisha kutwa. Vipindi hivyohivyo vikiwekwa Jumatatu, Jumanne na Jumatano, vipindi sita kila siku, unabaki na siku mbili nzima. Tofauti hiyo ndiyo kazi ya tafsiri yenyewe.

Anayeamua hili ni mkurugenzi wa masomo, yule ambaye kila mtu shuleni humwita DOS, na anaamua kabla muhula haujafunguliwa. Ukimwendea wiki ya pili ya muhula, ratiba imeshabandikwa ukutani na ya walimu wengine 30 imefungamana nayo. Mwendee likizo, na mwendee na pendekezo lililoandikwa:

"Madamu, naomba vipindi vyangu vya S1 na S2 viwe Jumatatu mpaka Jumatano. Nimejaribu kuvipanga, hakuna mkondo unaopata vipindi viwili vya Kiswahili siku moja. Alhamisi na Ijumaa sitakuwepo, ila kazi ya kusahihisha nitairudisha kila Jumatatu."

Huo mstari wa mkondo kutopata vipindi viwili siku moja ndio utakaomshawishi, kwa kuwa ndicho kitu cha kwanza atakachokipinga. Ukweli ni kwamba hauwezekani kila mahali. Somo likiwa na vipindi vinne kwa wiki kwa mkondo mmoja, siku tatu hazitoshi bila kurudia. Hapo kubali kipindi pacha kimoja, au omba mikondo michache zaidi.

Kwenye mkataba, andika saa za kuwepo shuleni, usiandike vipindi pekee. Sheria ya ajira ya 2006 inatoa likizo ya mwaka yenye malipo kwa mwajiriwa aliyefanya kazi miezi sita na ambaye mkataba wake ni wa saa 16 kwa wiki au zaidi. Mkataba unaosema "vipindi 18" unasomeka kama saa 12. Ukisema "siku tatu, saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni, pamoja na kuandaa na kusahihisha" unasomeka kama saa 24. Kazi ni ileile.

Halafu uliza swali ambalo wengi huliogopa: likizo nalipwa? Shule nyingi hulipa walimu wa muda kwa kipindi kilichofundishwa, maana yake Januari hakuna kitu, na kati ya mihula hakuna kitu. Jumla ya mwaka iwe ileile, lakini omba igawanywe kwa miezi 12. Afadhali 600,000 kila mwezi kuliko 800,000 kwa miezi tisa, hata kama bursa atakuambia ni kitu kilekile.

Hatua ya tatu: tafsiri, na jinsi ya kuikadiria

Mtafsiri anayejua uwanja wake huandika rasimu ya maneno kama 2,000 kwa siku. Kwa siku mbili hiyo ni 4,000, lakini usimwahidi mtu 4,000. Rasimu inahitaji kulala usiku mmoja, kisha isomwe upya bila kuangalia matini asilia, kisha ilinganishwe sentensi kwa sentensi. Ukitoa muda huo, uwezo wako halisi katikati ya muhula ni maneno 3,000 kwa wiki. Iandike namba hiyo mahali unapoiona unapopokea simu. Mteja akija na maneno 9,000, jibu ni wiki tatu, au unampa sehemu ya kwanza baada ya wiki moja ili aanze kuipitia. Anayekubali siku kumi huishia kusahihisha madaftari ya S1 saa saba usiku, na kosa hujitokeza palepale pasipotakiwa: kwenye dozi, kwenye namba, kwenye neno "si" lililoruka.

Toza kwa maneno ya matini asilia. Hili lina sababu ya kisarufi. Neno letu moja, *hawatakusomesha*, limebeba kile ambacho Kiingereza hukigawa katika maneno matano. Ukikubali kulipwa kwa maneno ya Kiswahili uliyoandika, unajikata mwenyewe, na kadiri unavyoandika Kiswahili kizuri chenye kubana ndivyo unavyolipwa kidogo. Pia maneno ya asilia yanahesabika kabla ya kazi kuanza, kwa hiyo bei inajulikana na hakuna ugomvi mwishoni.

Mambo mengine ya kwenye makubaliano ni mafupi. Omba malipo ya awali, asilimia 40 inatosha. Jaribio la bure lisizidi maneno 300. Taja idadi ya marekebisho, mara mbili, na useme wazi kwamba mteja akibadilisha matini asilia katikati, hayo si marekebisho, ni kazi mpya. Kwa mashirika, usianze kabla ya kupata hati ya oda, ile LPO. "Anza tu, karatasi inakuja" ni sentensi iliyowaacha wengi wakingoja malipo miezi mitano.

Kuhusu haki: matini uliyotafsiri ni ya mteja, na mara nyingi bado haijatoka. Usiipeleke darasani. Kilicho chako ni ujuzi wa istilahi, basi tunga kifungu chako mwenyewe chenye maneno yaleyale na wahusika wengine. Faharasa iweke kwenye jedwali la safu nne: neno la asilia, la Kiswahili sanifu, la Kiswahili cha Kongo, na ulikolipata. Safu ya nne wengi huiacha, kisha baada ya mwaka hawajui kama neno walilithibitisha kwa muuguzi au walilibuni usiku. Kwa kumbukumbu ya tafsiri, programu ya OmegaT ni ya bure, na huhifadhi kila sentensi uliyowahi kutafsiri ili ikirudi usianze upya.

Hatua ya nne: darasa la Jumamosi, baada ya mwaka

Usilianzishe pamoja na hizo mbili. Mwaka wa kwanza hujui bado wauguzi hukwama wapi, na darasa la Kiswahili cha jumla utawapoteza wiki ya tatu. Mwaka mmoja wa tafsiri ukikupa faharasa ya maneno kama 400, hapo una mtaala.

Darasa linalofaa ni la wiki kumi, saa mbili kila Jumamosi asubuhi, watu sita hadi kumi. Chini ya sita kodi ya chumba inakula faida, na juu ya kumi kila mtu anaongea dakika tano tu. Panga kwa hali za kazini, usifuate ngeli: kumpokea mgonjwa, kuuliza maumivu yalianza lini, kueleza dozi, kumpima mama mjamzito, kuomba sampuli. Ngeli kwa Mnyankore si mlima, kwani *omuntu* na *abantu* tayari vimemfunza *mtu* na *watu*. Atakachokosea ni maneno yanayofanana sura na kutofautiana maana, kwa hiyo muda wako uupeleke huko.

Malipo yatolewe yote kabla ya Jumamosi ya kwanza, au nusu mbili, ya pili kabla ya wiki ya tano. Anayelipa kwa kila kipindi ataacha mvua ikinyesha. Muuguzi pia ana zamu, kwa hiyo mruhusu kukosa mara mbili na kupewa sauti ya somo kwenye simu. Akikosa zaidi, anarudi kozi inayofuata kwa nusu bei. Ukiyaandika hayo mapema, hutalazimika kubishana na mtu unayemheshimu.

Hatua ya tano: kalenda moja

Chora mwaka mzima kwenye karatasi moja. Mihula ni mitatu: Februari hadi mwanzo wa Mei, mwisho wa Mei au Juni hadi Agosti, na Septemba hadi mwanzo wa Desemba. Sasa weka juu yake mwaka wa bajeti wa wateja wako. Miradi inayopata fedha za serikali ya Marekani hufunga mwaka 30 Septemba, na mingine mingi hufunga Desemba. Fedha ambayo haijatumika hutafuta pa kwenda wiki za mwisho, na vipeperushi ni mahali pepesi pa kuipeleka. Ndiyo maana kazi ya tafsiri humwagika Septemba na Novemba, na Novemba ni wakati wa mitihani ya UNEB na ripoti za mwisho wa mwaka.

Kwa hiyo darasa la Jumamosi lisiwepo kabisa Oktoba hadi Desemba. Litoshee kozi tatu: moja kuanzia katikati ya Januari, moja Aprili, moja Julai hadi mwanzo wa Septemba. Januari, mwezi mkavu kwa walimu wote, unapata ada ya kozi. Ukiona wiki mbili mfululizo umehamisha siku ya tafsiri kwenda Jumapili, punguza vipindi vya shule muhula ujao kabla ya kupunguza usingizi.

Hatua ya sita: kodi, na pale wengi wanapoumia

Mwajiriwa wa mwajiri mmoja asiye na kipato kingine hukatwa PAYE na yamekwisha. Wewe si huyo tena. Una kipato cha ajira na cha biashara, na URA huvijumlisha. Mwaka wa kodi huanza 1 Julai na kuisha 30 Juni, na ritani ya mwaka hupelekwa kabla ya 31 Desemba inayofuata.

Tuchukue mfano wetu, kwa viwango vilivyoanza Julai 2012. Shule inalipa 600,000 kwa mwezi. PAYE ni 25,000 pamoja na asilimia 30 ya kinachozidi 410,000, yaani 57,000, jumla 82,000. NSSF inakata asilimia 5, sawa na 30,000, na shule inaongeza 60,000 zake. Mkononi unabaki na 488,000.

Kwa mwaka, shule imekupa 7,200,000. Tafsiri ya maneno 60,000 kwa shilingi 150 ni 9,000,000. Hizo ni wiki 20 zilizojaa, nyingine zikiwa tupu, na ndivyo ilivyo. Kozi tatu za watu sita kwa 200,000 kila mmoja ni 3,600,000. Toa gharama za intaneti, chumba, usafiri wa kazi na vifaa, tuseme 2,600,000. Faida ya biashara ni 10,000,000 kamili.

Kodi ya faida hiyo ni 3,000,000. Hesabu ni rahisi kwa sababu mshahara wa shule umeshameza madaraja yote ya chini. Ukishavuka 410,000 kwa mwezi, kila shilingi ya faida inaingia moja kwa moja kwenye asilimia 30. Hapa ndipo mtu anaposema "lakini wenye maduka madogo wanalipa kidogo". Ni kweli, ila utaratibu ule wa kodi ya mauzo kwa biashara ndogo hauhusu huduma za kitaalamu. Huwezi kuuegemea.

Sehemu ya hiyo kodi huenda imeshalipwa bila wewe kujua. Shirika lililoteuliwa na URA kukata kodi ya zuio, likikulipa zaidi ya 1,000,000, hubakiza asilimia 6. Ankara ya 2,000,000 inafika benki ikiwa 1,880,000. Usidhani umeibiwa, na usiiache ipotee pia. Dai cheti cha makato yenye TIN yako, kwa kuwa 120,000 hizo zinapunguza kodi ya mwisho. TIN iliyoandikwa vibaya tarakimu moja inatosha kuifanya fedha hiyo isionekane kwenye akaunti yako.

Kinachobaki hulipwa kwa makadirio mara nne: mwisho wa Septemba, Desemba, Machi na Juni. Fungua akaunti ya pembeni, na kila malipo yanapoingia toa gharama zake na uhamishe asilimia 30 siku hiyohiyo. Wateja wadogo watakulipa kwa simu, na kila unapotoa fedha taslimu kuna ushuru wa asilimia 0.5 ya kiasi unachotoa, mbali na ada ya kampuni. Kwa hiyo peleka benki kwa mkupuo mmoja, na malipo ya intaneti na umeme yalipie hukohuko kwenye simu bila kutoa.

Akiba ya uzeeni nayo ipanuliwe. Shule inachangia NSSF kwa mshahara wako tu, ambao katika mfano huu ni chini ya nusu ya kipato. Sheria iliyorekebishwa mwaka 2022 inamruhusu mtu kuongeza akiba kwa hiari. Weka kiasi kwa kila ankara iliyolipwa, usiweke kwa mwezi, maana miezi yako hailingani.

Mwaka wa tatu na kuendelea

Kila Januari, andika saa ulizotumia na fedha iliyoingia kwa kila kazi. Kumbuka kuhesabu kusahihisha, kusafiri na kufuatilia malipo. Kwa kawaida shule itaonekana ya mwisho kwa saa, na utashawishika kuiacha. Ngoja kwanza. Angalia kama tafsiri na darasa vimelipia matumizi ya nyumbani kwa miezi tisa kati ya 12, ukiacha Septemba na Novemba ambazo hudanganya. Vikiweza, punguza shule kutoka siku tatu hadi mbili, na siku hiyo ya tatu iwe ya kuwafundisha watafsiri wengine au kuandaa vitabu vidogo vya darasa.

Angalia pia wateja. Mmoja akileta zaidi ya nusu ya tafsiri zako, una mwajiri wa pili asiyekulipia NSSF wala likizo, na mradi wake una tarehe ya kuisha. Mtafute wa pili ndani ya uwanja huohuo wa afya, hata kwa bei ndogo kidogo. Akija mtu na mkataba wa kutafsiri mwongozo wa pikipiki kwa bei nzuri, uchukue ukiwa na wiki tupu, lakini maneno yake usiyahesabu kama njia yako, kwa sababu hakuna muuguzi atakayekulipa Jumamosi umfundishe plagi na kabureta.